Picha ya Kupeana Mikono Haimtoi Kijana Kituoni



Ndugu yangu msomaji, kama uko kwenye kikundi chochote cha mtaa basi hii umeshaiona. Makundi mawili yanaketi meza moja, karatasi inatiwa saini, watu wanapeana mikono, picha inapigwa. Kabla ya Magharibi picha iko mtandaoni na watu wanaandika mashallah. Karatasi yenyewe inaingia kwenye faili na hakuna anayeisoma tena mpaka siku mnakosana. Siku hiyo ndiyo inatolewa, na siku hiyo ndiyo mnagundua kuwa haisemi kitu.

Maoni yangu ni haya. Hati ya makubaliano baina ya makundi mawili, ile maofisini wanaita em-o-yu, haiandikwi kwa ajili ya mfadhili, wala kwa ajili ya sisi viongozi. Inaandikwa kwa ajili ya mtu wa tatu ambaye hakuketi kwenye ile meza. Ni yule mama ambaye mwanawe ameshikwa usiku, anapiga simu, na hajui hata kuwa anahudumiwa na makundi mawili. Kama hati yenu haimsaidii huyo mama, basi mmetia saini picha.

Wacha nikupe kisa ambacho nakijua vizuri. Majina nimeyaacha makusudi, kwa sababu shida haikuwa ubaya wa mtu.

Kulikuwa na kikundi cha vijana cha mtaa, wanachama ishirini na kitu, wanaojulikana kila nyumba. Mtu akishikwa, simu ya kwanza inaingia kwao. Upande wa pili kulikuwa na shirika la haki lenye ofisi mjini, mawakili wawili, na ruzuku ya miezi 6. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana: kikundi kilikuwa na imani ya watu, shirika lilikuwa na wakili na pesa. Wakaandikiana ukurasa mmoja. Sentensi kuu ilisema kuwa "pande zote mbili zitashirikiana kwa karibu katika kutetea haki za wanajamii." Wakatia saini. Picha ikapigwa.

Jumatano moja baada ya Isha kijana akashikwa. Familia ikapigia kikundi. Katibu wa kikundi akatuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la pamoja, akajua amemaliza, mawakili watauona. Wakili aliuona saa tano usiku. Akangoja kikundi kimletee kituo alichopelekwa kijana na namba ya OB, kwa sababu kwa akili yake kazi ya kufika kituoni ni ya watu wa mtaa. Watu wa mtaa nao walikuwa wanangoja wakili afike, kwa sababu wao wakienda peke yao hufukuzwa langoni. Kila upande ulilala ukijua mwenzake yuko njiani.

Alhamisi asubuhi kijana akafikishwa mahakamani. Polisi wakaomba siku zaidi za kumzuilia wakimaliza uchunguzi. Kijana alisimama peke yake, hajui kuwa ana haki ya kupinga, hajui aseme nini. Zikatolewa siku 10. Wakili alifika mchana, jambo limeshapita. Sisemi wakili angefika mapema kijana angetoka, hilo Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Nasema angalau upande wa pili ungesikika.

Sasa angalia ile sentensi, "zitashirikiana kwa karibu." Nani alivunja mkataba? Hakuna. Huwezi kuvunja sentensi kama ile. Ndio ubaya wake.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu aliyeshikwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo na isizidi saa 24. Zikiishia wakati mahakama imefungwa, anafikishwa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hivyo kazi yetu ina saa, na majukumu kwenye hati ya makundi kama haya lazima yafuate saa hizo. Usiandike orodha ya mambo mazuri. Andika safari ya simu moja, kuanzia inapoingia mpaka asubuhi ya mahakama, na kila hatua uiwekee mwenyewe mmoja. Nasema mmoja. Ukiandika "pande zote mbili zitahakikisha," jua hakuna atakayehakikisha.

Hati ilipokuja kuandikwa upya, kipengele cha majukumu kilikuwa hivi:

"Kikundi kitapokea simu ya familia na ndani ya saa moja kitampigia wakili wa zamu kwa sauti. Ujumbe wa maandishi hautahesabiwa kuwa taarifa. Kikundi kitatafuta kituo alichopelekwa mtu huyo na, ikiwezekana, namba ya OB, na kitampeleka jamaa mmoja wa familia kituoni akiwa na nakala ya kitambulisho. Shirika litakuwa na wakili wa zamu kila usiku, na orodha ya zamu itatumwa kwa kikundi kabla ya mwezi kuanza. Wakili atakwenda kituoni au kuongea na kituo usiku huo huo, na atakuwa mahakamani asubuhi. Mtu asipoonekana kituo chochote na saa 24 zikipita, ni jukumu la shirika kuwasilisha ombi Mahakama Kuu la kutaka aliyeshikwa aletwe mbele ya jaji."

Soma tena uone. Hakuna neno kubwa hata moja pale, lakini kesho jambo likiharibika utajua liliharibikia wapi. Simu ilipigwa au haikupigwa? Orodha ya zamu ilitumwa au haikutumwa? Hayo ni maswali yenye jibu. Na mambo mawili madogo yalizaliwa na ule usiku wa Jumatano: simu ya sauti badala ya ujumbe, na jamaa wa familia kutangulia kituoni badala ya kijana wa kikundi, kwa sababu jamaa ni vigumu zaidi kumfukuza.

Hapo hapo kwenye majukumu kuna mambo mawili ambayo watu wanaona haya kuyaandika. La kwanza ni pesa. Ruzuku iko kwenye akaunti ya shirika, lakini nauli na vocha za usiku zinatoka mfukoni mwa vijana ambao wengine hawana kazi. Mkiandika tu kuwa "shirika litasaidia gharama," baada ya miezi miwili vijana wamechoka na mnung'uniko umeanza. Andika kiasi, andika siku ya kulipa, andika ushahidi unaokubalika. Bodaboda haitoi risiti, kwa hivyo kubalianeni kuwa ujumbe wa M-Pesa unatosha.

La pili ni nani anasema. Nani anaongea na waandishi wa habari, nani anaposti, na kwa idhini ya nani. Katika kisa chetu, picha ya mama ikawekwa kwenye ripoti ya mfadhili, na jina la mtaa likiwa chini yake. Yule mama alikuwa amekubali kupigwa picha na vijana anaowajua, akidhani ni ya kumbukumbu ya kesi. Hakukubali ripoti. Baada ya hapo hakuchukua tena simu ya mtu yeyote, na kesi ikakosa shahidi muhimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka kabila, imani, na majina ya wazazi, mwenzi na watoto wa mtu kwenye fungu la taarifa nyeti. Faili zetu zimejaa hayo matupu. Kwa hivyo hati iseme wazi: faili inawekwa wapi, nani ana ufunguo, idhini ya familia inaandikwa kwa kila matumizi peke yake, na familia ikisema basi, ni basi kwa pande zote mbili.

Tuje kwenye muda. Wengi wakiandika muda huandika "mkataba huu utaanza siku ya kutiwa saini." Unaisha lini? Kimya. Au unaisha ruzuku ikiisha. Kwenye kisa chetu ruzuku iliisha mwezi wa sita. Kulikuwa na kesi nne bado ziko mahakamani. Shirika likasema mradi umefungwa. Kikundi kikasema basi tupeni faili tutafute wakili mwingine. Shirika likajibu kuwa faili ni za shirika. Familia nne zikabaki katikati, na tarehe ya mahakama haingoji mtu.

Kwa hivyo muda si tarehe mbili tu. Kuna maswali matatu ndani yake. Unaanza na kuisha tarehe gani. Upande mmoja ukitaka kutoka kabla ya hapo, unatoa notisi ya siku ngapi, na kwa maandishi yanayopelekwa kwa nani. Na la tatu, ambalo ndilo zito: siku ya mwisho ikifika, kazi ambayo haijaisha inakwenda wapi.

Hati mpya ilisema mwaka 1, na kuangaliwa upya baada ya miezi 6. Notisi ya kutoka ni siku 30. Kisha ikaongeza maneno ambayo mimi nayaona ndiyo yenye thamani kuliko yote mle ndani: "Kumalizika kwa makubaliano haya hakutaathiri kesi iliyofunguliwa kabla ya tarehe ya mwisho. Wakili aliyeianza ataiendesha mpaka familia ipate wakili mwingine au kesi iishe. Faili ni mali ya familia. Familia ikitaka nakala kamili, itapewa ndani ya siku 7 bila malipo."

Faili ni mali ya familia. Maneno matano, na ugomvi wa miezi mitatu ungekwisha kabla ya kuanza.

Sasa tufike pale ambapo watu hawataki kufika: tukigombana. Ukilitaja hili kwenye kikao utasikia, "Sheikh, mbona unaanza na mabaya? Sisi ni ndugu, sisi ni Waislamu, neno letu linatosha." Nimelisikia mara nyingi na ninaliheshimu, kwa sababu linatoka kwenye moyo safi. Lakini hebu tuangalie sira yetu wenyewe. Hati ya Madina, ambayo Mtume swalla Llahu alayhi wa sallam aliiweka baina ya watu wa ule mji, ilitaja kabisa kuwa ugomvi utakaozuka urudishwe kwa nani. Sulhu ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, iliwekewa muda, na vitabu vya sira vinautaja kuwa miaka 10. Na aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Kama maswahaba waliandikiana, mimi na wewe ni nani hata tuone kuandika ni kukosa imani?

Kifungu cha mgogoro kinaharibika kwa njia tatu ambazo ukiijua hati utaziona mapema.

Njia ya kwanza ni kuandika kuwa "tofauti zitatatuliwa kwa njia ya amani" na kuishia hapo. Hiyo ni dua, si kifungu. Ni lazima pawe na ngazi na siku. Kwenye hati yetu, upande wenye malalamiko unayaandika na kuyapeleka kwa mwenyekiti wa upande wa pili. Wenyeviti wana siku 7 za kukaa. Wasipoelewana, jambo linakwenda kwa msuluhishi, naye ana siku 14. Asipofaulu, ndipo upande wowote uko huru kwenda kwa mwamuzi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 1995, au mahakamani. Katiba yenyewe, Kifungu cha 159, inazihimiza mahakama zitukuze upatanisho na usuluhishi, kwa hivyo kuanza na wazee si unyonge.

Njia ya pili ni kumtafuta msuluhishi wakati moto umeshawaka. Katika kisa chetu walimwita mzee mmoja anayeheshimika sana. Kabla hajaketi, upande mmoja ukasema ni ami yake mwenyekiti wa upande wa pili. Na ilikuwa kweli. Mzee akajitoa kwa aibu, na sasa hata yeye ameumia. Msuluhishi anatajwa siku ya kutia saini, wakati mnapendana. Mtajeni yeye na wa akiba yake, mkubaliane asiwe jamaa wa kiongozi yeyote wala mtu anayelipwa na upande wowote, na mumuulize mwenyewe kama amekubali. Anaweza kuwa imamu, anaweza kuwa mwalimu mstaafu, anaweza kuwa mama wa maendeleo anayejua kusema ukweli.

Njia ya tatu ni kuandika kuwa ugomvi utaamuliwa na Mahakama ya Kadhi. Nimeiona zaidi ya mara moja, na nia ni nzuri. Lakini Kifungu cha 170 cha Katiba kimeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka: hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Mkataba wa makundi mawili haumo. Ukiandika hivyo umeandika mlango ambao siku ya shida utaukuta umefungwa.

Na juu ya ngazi zote hizo, hati iliongeza mistari miwili. Wa kwanza: wakati mgogoro unaendelea, simu za familia zitapokelewa na kesi zitaendelea kama kawaida. Wa pili: hakuna upande utakaoposti ugomvi mtandaoni wala kuupeleka kwenye grupu la WhatsApp au mimbari mpaka siku za msuluhishi ziishe. Huu wa pili unaonekana mdogo, lakini watu wanaotuwinda wanasoma grupu zetu pia. Mara nyingi ugomvi wa pesa ya vocha umewapa wengine nafasi ya kusema "hawa wote wezi."

Kuna jambo moja la sheria uliweke akilini. Watu hudhani hati ikiitwa ya "maelewano" basi haina nguvu mahakamani, na ikiitwa "mkataba" ina nguvu. Si hivyo. Jina haliamui. Mahakama inaangalia maneno yaliyomo na kama wahusika walikusudia kufungwa nayo. Kwa hivyo semeni wenyewe. Andikeni kuwa vifungu vya pesa, siri za familia, hatima ya kesi na mgogoro vinawafunga, na vile vya nia njema ni vya nia njema. Mkiacha bila kusema, mnampa mtu mwingine kazi ya kukisia mlimaanisha nini.

Na kabla ya kalamu kushika karatasi, ombeni kuona cheti cha usajili cha mwenzenu na kumbukumbu za kikao cha kamati kilichompa yule anayetia saini ruhusa. Wapeni na vyenu bila kuombwa. Mwenyekiti akitia saini kwa kichwa chake, siku akitolewa uongozini kamati mpya itasema haijui kitu.

Vikundi vidogo hasa ndio nawaambia. Mara nyingi mwenye ofisi ndiye huja na hati imeshachapwa, kwa Kiingereza, na mnaambiwa mtie saini leo kwa sababu mfadhili anangoja. Mna haki ya kusema tupeni wiki moja. Mna haki ya kutaka iandikwe kwa Kiswahili na isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote. Njia ya kuijaribu ni rahisi. Mchukue mwanachama ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo, msomee, kisha umuulize: mtu akishikwa leo saa nne usiku, nani anampigia nani? Pesa zikiisha, kesi inabaki na nani? Tukikosana, tunakwenda kwa mzee gani? Akijibu yote matatu bila kukuuliza wewe, tieni saini. Akisitasita hata kwa moja, rudisheni karatasi mezani.

Hati nzuri haimgeuzi mtu mbaya kuwa mzuri. Ukiwa na mwenzako ambaye hataki kabisa kuandika nani anaweka faili au pesa zinatoka lini, hilo lenyewe ni jibu, na ni afadhali ulipate kabla ya familia kuweka matumaini kwenu. Lakini wengi wetu si watu wabaya. Ni watu wazuri waliolala kila mmoja akidhani mwenzake yuko njiani.

Kama kikundi chako kina hati kama hiyo, itoeni kwenye faili wiki hii muisome pamoja. Msingoje simu ya usiku.

Wabillahi tawfiq.